Saa 3 ipi? Kumbusho la miadi ya kliniki

"Niko mapokezi ya kliniki hapa Kisumu. Nikituma 'Kesho saa 3 usikose', wengine wanafika alasiri. Niandikeje kwa adabu?"

Dada, hiyo "saa 3" ndiyo inayokuponza. Wewe unamaanisha asubuhi, mwenzako anaisoma kwa Kizungu na kuja saa tisa alasiri. Andika saa kwa maneno, kisha tarakimu kando. "Kesho" nayo ni mtego: simu ikizimwa usiku, ujumbe unaingia asubuhi na siku inasogea mbele. Na "usikose" inasikika kama barua ya chifu.

Ningeandika hivi:

"Habari Mama Atieno. Tafadhali kumbuka miadi yako Jumanne 14 Mei, saa tatu asubuhi (09:00), kliniki yetu mkabala na Soko la Kibuye. Ukikwama, jibu ujumbe huu."

Nimehesabu, haivuki herufi 160, kwa hiyo inalipiwa kama ujumbe mmoja. Ikiwa jina la kliniki halitokei kama mtumaji, liweke badala ya "kliniki yetu". Ugonjwa usiutaje kabisa, hata kwa fumbo, maana simu nyingi za nyumbani husomwa na watu watatu.