Umeichukua Tobruk, unataka Kairo? Simama kwanza

"Wakuu, kwenye gemu yetu ya ramani, Afrika Kaskazini 1942, mimi ndiye Mjerumani. Tobruk nimeichukua, Mwingereza anakimbia. Nimfukuze hadi Kairo au nitulie kwanza? Pia ndege nizipange wapi, na Waitaliano niwaweke pembeni au katikati?"

Usisogeze hata kibao kimoja kuvuka mpaka wa Misri kabla hujamaliza kusoma hapa.

Nilicheza upande huohuo, ramani hiyohiyo. Kulikuwa na mjuaji mmoja kwenye kundi letu, yule wa kila kikao lazima atoe mhadhara, akanikalia kooni: "Adui anayekimbia hapewi nafasi ya kupumua!" Nikamsikiliza. Baadaye ndipo nikaja kujua kwamba yeye mwenyewe hajawahi kucheza upande wa mshambuliaji, kazi yake kushauri tu na kula karanga zetu. Nilifika karibu na Aleksandria, halafu zamu iliyofuata nikagundua kwamba ninachosogeza mezani ni majina ya divisheni, divisheni zenyewe zilishaishia njiani. Na msije kuniambia habari za bahati mbaya, kete siku ile zilinipenda kuliko mama mkwe wangu.

Sasa angalia Rommel mwenyewe, kamanda wa Wajerumani kule Afrika Kaskazini, alivyofanya, maana ndiyo njia unayotaka kupita. Tobruk ilianguka 21 Juni 1942. Makubaliano na wakubwa wake yalikuwa kwamba baada ya hapo asimame mpakani, ndege zirudi kuibana Malta, na kisiwa chenyewe kivamiwe, kwa sababu kutoka Malta Waingereza walikuwa wanazamisha meli zilizomletea mafuta. Kesselring, mkuu wa jeshi la anga la Wajerumani upande ule, alishikilia mpango huo. Rommel akakataa. Hoja yake ilikuwa kwamba Tobruk amekuta malori kama 2,000 na zaidi ya tani 1,000 za mafuta, basi atakula cha adui mpaka mto Nile. Hitler na Mussolini wakakubali. Mussolini akaruka hadi Libya kabisa, tayari kuingia Kairo kwa gwaride.

Tatizo la mafuta ya kuteka ni kwamba hayana kesho. Ukishayachoma hakuna mtu anayekuletea mengine, na kila kilomita unayokwenda mashariki inazidi kukuondoa kwenye bandari zako. Kutoka Tripoli mpaka El Alamein, ndani ya Misri, alikokuja kukwama, ni zaidi ya kilomita 2,000. Kutoka Tobruk ni karibu 600, na bandari ya Tobruk yenyewe ilikuwa inapokea shehena kidogo huku ikipigwa mabomu. Lori linalopeleka mafuta mbele nalo linakunywa mafuta, kwenda na kurudi. Umbali ukiongezeka mara mbili, lori lilelile linafika mbele nusu ya safari lilizokuwa linafika mwanzo, na kila linapofika limebeba kidogo zaidi cha kukupa, maana sehemu lazima libaki nayo ya kurudia. Ongeza vumbi la jangwani: kama theluthi moja ya magari yake ilikuwa gereji muda wote.

Kwa hiyo tarehe 1 Julai, alipofika mbele ya El Alamein, kilomita kama 100 tu kutoka Aleksandria, Afrika Korps, kikosi chake cha Kijerumani kilichobeba vifaru, iliyoanza na vifaru zaidi ya 300 mwishoni mwa Mei ilikuwa na 55. Hamsini na tano! Kwenye ramani bado zilikuwa divisheni mbili za vifaru, ya 15 na ya 21, zina namba zao na majenerali wao. Hapo ndipo wengi wetu tunapopigwa, tunahesabu vibao badala ya kilichomo ndani yake.

Siku ile vifaru vyake vilikwama kwenye bonde dogo linaloitwa Deir el Shein. Waliokuwa wamelishika ni brigedi ya 18 ya Wahindi, iliyofika juzijuzi, haijawahi kupigana jangwani, mitaro yenyewe haijakamilika. Mwezi uliopita ngome kama ile isingemzuia muda mrefu. Safari hii ilimla siku nzima. Jioni aliichukua, lakini vifaru kama 18 vilikuwa vimetoka mchezoni. Kaskazini, divisheni ya 90 nyepesi ilijaribu kuizunguka ngome ya El Alamein, ikaingia kwenye mizinga ya Waafrika Kusini, askari wakataharuki wakaanza kurudi nyuma, hao ambao walikuwa wanafukuza bila kulala tangu vita vya Gazala, magharibi ya Tobruk. Tarehe 3, Wanyuzilandi wakaivamia divisheni ya Ariete ya Waitaliano na kuiteka mizinga zaidi ya 40. Vifaru vya Kijerumani vilivyobaki vilikuwa 26. Kesho yake akaamuru watu wachimbe mahandaki.

Hiyo ndiyo maana ya kufika kikomo cha mashambulizi. Hakuna aliyempiga Rommel pigo moja la kumwangusha. Nguvu zake zilishuka mpaka zikakutana na za Mwingereza zilizokuwa zinapanda. Auchinleck, kamanda wa Waingereza, kila akirudi nyuma alikuwa anasogea kwenye maghala yake, reli inafika hadi mgongoni mwake, na ndege zake zinaruka kutoka viwanja vya jirani wakati za Wajerumani zimeachwa nyuma. Halafu mahali penyewe: kaskazini bahari, kusini bonde la Qattara lisilopitika kwa vifaru, katikati kilomita kama 60 tu. Rommel alizoea kumzunguka adui kusini. Hapa hakuna kusini.

Kinachoniuma ni kwamba dalili zote alizokuwa anaziona zilikuwa za ushindi. Mateka wanaongezeka, kilomita zinaongezeka, Kairo makao makuu ya Waingereza yanachoma nyaraka mpaka majivu yanaruka mitaani. Dalili halisi ilikuwa nyingine kabisa: ngome ndogo ya kuchukuliwa kwa saa moja inakula siku nzima. Ukiona hivyo, ujue kikomo umeshakipita, na huenda huna tena nguvu ya kujilinda pale uliposimama. Ndiyo maana majeshi yanakwama hatua chache kabla ya mwisho. Lengo likionekana kwa macho, kamanda anatupa hata akiba aliyopaswa kubaki nayo ya kushikilia mstari.

Rommel alijaribu tena kuvunja mstari huo, kwenye kilima cha Alam Halfa, usiku wa 30 Agosti, kwa mafuta ya kuahidiwa. Meli za mafuta zikazamishwa, akarudi alikotoka ndani ya wiki. Mengine unayajua.

Kanuni yangu ni moja, na huyo mjuaji akija hapa kubisha, abishe: hesabu nguvu utakazokuwa nazo siku ya KUFIKA, achana na za siku ya kuondoka. Kama siku ya kufika huna cha kushambulia na kingine cha kujilindia, usiondoke. JWTZ walipoichukua Masaka Februari 1979, kwenye vita vya kumng'oa Idi Amin, hawakukurupuka kesho yake kwenda Kampala. Walijipanga kwanza, na Walibya waliokuja kumsaidia Amin walipofika Lukaya mwezi Machi walikuta jeshi lenye uwezo wa kupigwa usiku mmoja na kurudi kesho yake kushinda.

Habari za ndege na Waitaliano sijagusa, najua, atakujibu mwingine. Wewe bandika hapa idadi ya malori uliyonayo, mafuta yaliyopo Tobruk, na vifaru vinavyotembea, vile vya gereji usivihesabu. Usicheze zamu yako kabla ya hapo.