Kupitia rasimu ya utafiti: "muhimu", "uwiano" na "imethibitika"

Nikipewa rasimu ya tasnifu au makala ya utafiti niipitie, huwa sianzi kwa kuisoma. Naifungua kwenye kompyuta, nabonyeza Ctrl+F, naandika herufi nne tu: `thib`. Vitenzi vyetu hubeba viambishi mbele na nyuma, kwa hiyo anayetafuta "thibitisha" ataikosa "imethibitika", ataikosa "yaliyothibitishwa", na "ithibati" hataiona kabisa. Herufi hizo nne huzinasa zote. Baada ya hapo natafuta `muhimu`, kisha `husian` na `uwiano`. Kila neno linapojitokeza nalipaka rangi ya njano, na ndipo naanza kusoma.

Rangi hiyo haina maana kwamba neno limekosewa. Maana yake ni kwamba hapo mwandishi ametoa dai, na dai lazima liwe na namba yake kwenye jedwali fulani. Kazi yangu ni kulitafuta jedwali hilo na kuona kama namba inabeba uzito ambao neno limeubeba.

"Muhimu" ndilo linalonichosha zaidi. Chanzo chake mara nyingi ni ile safu ya majibu ya programu ya takwimu ya SPSS iliyoandikwa `Sig. (2-tailed)`. Mwanafunzi huona namba hiyo, yaani p, iko chini ya 0.05, akaandika "tofauti muhimu", na ukurasa unaofuata "muhimu" hiyo imekwisha kugeuka "tofauti kubwa". Ikifika sura ya mapendekezo, wizara inashauriwa ibadilishe sera.

Tuchukue mfano wa kutunga. Watu 800 wenye shinikizo la juu la damu wamegawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili ya watu 400. Kundi moja limepewa ushauri wa kupunguza chumvi, jingine limeendelea na huduma ya kawaida. Mwishoni, wastani wa shinikizo (ile namba ya juu) kwa kundi la ushauri umekuwa chini kwa milimita 2 za zebaki. Tukichukulia kwamba watu ndani ya kila kundi wanatofautiana kwa kiasi cha kawaida, yaani mchepuko wastani wa 14 hivi, hesabu itatoa p = 0.044. Rasimu itasema: "Ushauri ulipunguza shinikizo la damu kwa kiasi kikubwa."

Hapana. Umepunguza kwa 2. Kinachosemwa na p hapo ni jambo jembamba: kama ushauri usingekuwa na athari yoyote, basi tofauti ya ukubwa huu au zaidi ingeweza kujitokeza kwa bahati tu kiasi cha mara 4 katika 100. Haijasema tofauti ni kubwa. Haijasema pia kwamba kuna uhakika wa asilimia 96 kuwa ushauri unafanya kazi, ingawa sentensi hiyo naikuta mara nyingi mno. Ukikokotoa makadirio ya asilimia 95, yaani masafa ya thamani ambazo data zinakubaliana nazo, tofauti yenyewe inaanzia karibu sifuri na kuishia karibu 4. Kwa mgonjwa mmoja mmoja, hilo ni badiliko dogo. Kama linafaa kwa taifa zima ni mjadala halali, lakini mjadala huo uendeshwe kwa namba 2. Hiyo 0.044 haina la kusema humo.

Sasa geuza mfano. Watu ni 80 tu, 40 kila kundi, na tofauti imekuwa milimita 6. Hesabu ileile itatoa p ya karibu 0.06. Mwandishi yuleyule ataandika: "Ushauri haukuwa na athari." Makadirio yake, hata hivyo, yanaanzia chini kidogo ya sifuri na kufika 12. Data hizo zinakubaliana na ushauri usiofanya lolote, na zinakubaliana vilevile na ushauri unaoshusha shinikizo kuliko tulivyotarajia. Utafiti mdogo umeshindwa kuamua. Kushindwa kuamua na kukuta hakuna athari ni mambo mawili, na rasimu nyingi huyafanya moja.

Kwa hiyo napenda sentensi mbili za aina hii. Ya kwanza: "Shinikizo lilikuwa chini kwa milimita 2 katika kundi la ushauri (makadirio ya asilimia 95: 0.1 hadi 3.9; p = 0.044)." Ya pili: "Tofauti ilikuwa milimita 6, lakini makadirio ni mapana (−0.2 hadi 12.2) na hayatoshi kuamua kama ushauri una athari." Neno "muhimu" halimo katika sentensi yoyote kati ya hizo, na msomaji hajakosa kitu. Ukilazimika kulitumia kwa maana ya kitakwimu, andika "muhimu kitakwimu" kila mara, bila kufupisha, na lile la kawaida libaki kwa mambo ambayo kweli yana umuhimu. Katika sehemu ya matokeo mimi huwa nalifuta tu.

Na p = 0.000 haipo. SPSS huonyesha desimali tatu tu. Andika p < 0.001.

Kwenye uwiano, tatizo huanza na nyota. Kuna mwanafunzi wa uzamili aliwahi kunijibu, kwa adabu kabisa, "Lakini mwalimu, kompyuta imeweka nyota mbili." Ni kweli, iliweka. Nyota mbili katika jedwali la uwiano la SPSS zina maana kwamba p iko chini ya 0.01, basi. Ukiwa na wahojiwa 600, r, yaani kipimo chenyewe cha uwiano, ya 0.12 inapata nyota zake mbili bila shida. Zidisha 0.12 kwa 0.12 utapata 0.0144, yaani kigezo kimoja kinaeleza takriban asilimia moja na nusu ya tofauti zilizo katika kigezo kingine. Kuuita huo "uwiano imara", kama rasimu ilivyofanya, ni kusoma nyota na kuacha namba iliyo pembeni yake.

Jambo la pili ni kwamba "uwiano" unapachikwa hata mahali ambapo haukupimwa. Kama umelinganisha jinsia na kufaulu au kufeli kwa jaribio la kai-mraba, hukupima r yoyote. Andika kwamba kufaulu kulitofautiana kati ya wavulana na wasichana, weka asilimia za kila upande, inatosha. Neno "uwiano" liachie vipimo viwili vya namba vinavyopanda na kushuka pamoja, na kwa r ya Pearson, vinavyofanya hivyo kwa mstari ulionyooka. Ndiyo maana nadai mchoro wa nukta kabla sijakubali r yoyote. Mwaka 1973 Francis Anscombe alichapisha seti nne za data, kila moja ya nukta 11, zote zikiwa na r ya karibu 0.82. Ukizichora, moja ni mstari wa kawaida, moja ni upinde, na mbili zimevurugwa na nukta moja iliyojitenga.

Kosa linaloponyoka hata kwa wasimamizi, hata hivyo, ni la kulinganisha vifaa. Mtu ana kipima shinikizo kipya cha kidijitali na anataka kujua kama kinaweza kuchukua nafasi ya kile cha zebaki. Anapima wagonjwa kwa vyote viwili, anapata r = 0.95, anaandika kwamba vifaa vinakubaliana. Jaribu hivi: chukua vipimo vyote vya kifaa kipya, ongeza 10 kwa kila kimoja, kokotoa upya. r haitasogea hata kidogo, ilhali sasa kifaa kinamzidishia kila mgonjwa milimita 10. Uwiano unasema mwenye shinikizo la juu hapa ana la juu na kule; haujui kama namba zenyewe zinalingana. Bland na Altman walilieleza hili katika jarida la Lancet mwaka 1986, na njia yao haihitaji zaidi ya daftari: kwa kila mgonjwa toa kipimo kimoja kwenye kingine, tafuta wastani wa tofauti hizo, kisha angalia zimetawanyika kutoka wapi hadi wapi. Rasimu ya namna hii sirekebishi neno. Nairudisha ikafanyiwe uchambuzi mwingine.

Tukija kwa `thib`, kwanza tahadhari: usiamuru kompyuta ibadilishe zote kwa mkupuo. "Wagonjwa 112 waliothibitishwa kwa darubini kuwa na malaria" ni sentensi sahihi, kwa kuwa vimelea vilionekana, na hivyo ndivyo watu wa maabara wanavyosema. Hesabu safi nazo zina uthibitisho wake. Ninayoiwinda ni "utafiti huu umethibitisha kwamba...", hasa ikiwa katika ikisiri na sura ya mwisho, ambako hakuna jedwali la kuizuia.

Nikiulizwa kwa nini nakuwa mkali, hutaja Mwanza. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika vijijini mkoani humo: jamii 12 zilipangwa katika jozi sita, na ndani ya kila jozi kura iliamua ni ipi iboreshewe tiba ya magonjwa ya zinaa katika vituo vyake vya afya. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40 katika jamii zilizopata tiba bora. Jaribio la nasibu, safi, lenye jamii za kulinganishia. Kama kuna mahali pa kuandika "imethibitika kwamba kutibu magonjwa ya zinaa huzuia VVU", palikuwa hapo. Mwaka 1999 yakaja matokeo ya Rakai, Uganda, ambako watu walipewa dawa kwa wingi nyumba kwa nyumba, kila baada ya miezi kumi hivi. Magonjwa kadhaa ya zinaa yalipungua. VVU haikupungua.

Hakuna aliyedanganya. Uganda janga lilikuwa limekomaa zaidi, na mbinu hazikufanana: Mwanza walitibiwa wenye dalili, siku zote, kituoni, Rakai walitibiwa wote kwa vipindi. Aliyeandika kwamba "katika vijiji hivi vya Mwanza, kuboresha tiba ya wenye dalili kulipunguza maambukizi mapya" ana sentensi inayosimama hadi leo. Wa "imethibitika" angelazimika kumeza yake baada ya miaka minne.

Kwa hiyo ninapoifuta "imethibitisha", kitakachokaa pale hutegemea aina ya utafiti. Jaribio la nasibu linaweza kusema afua "ilipunguza" au "iliongeza", pamoja na mahali na watu waliohusika. Hojaji ya siku moja haina ruhusa hiyo, yenyewe iseme "waliofanya hivi walikuwa pia na..." au "inahusishwa na". Na "yanaashiria" isimwagwe kila mstari, maana wapo wanaokwepa kosa moja kwa kuandika "huenda yanaashiria uwezekano wa", nami hubaki sijui walikuta nini.

Pembeni ya kila rangi ya njano sielezi nadharia. Naandika "kiasi gani?" penye muhimu, "mchoro uko wapi?" penye uwiano, na "kwa nani, wapi?" penye thibitisha. Kichwa cha kazi nakiacha mwisho kabisa, kwa sababu kama kimeshasajiliwa kikiwa na neno "athari" na data ni za hojaji tu, kukibadilisha kunataka barua kwa msimamizi, na ni afadhali barua hiyo iandikwe wakati majedwali yote yamekwisha kukaguliwa.