Kikuku na pete ya kidole cha mguu wakati wa joto: kwa mnaoanza kuvaa

Jamani kwa nyie mnaoanza kuvaa vikuku, kabla ya kuangalia urembo angalieni jasho, maana karibu matatizo yote ninayoletewa na wateja yanaanzia hapo. Cheni ikiwa kavu haina shida sana. Ikilowa jasho ndo mambo yanaanza, kwa sababu chumvi ya jasho inayeyusha kidogo kidogo madini ya juu ya chuma, na kama ndani kuna nikeli basi inaingia kwenye ngozi na wenye aleji wanaanza kuwashwa. Na kumbuka upele wa nikeli hautokei saa ile ile, mara nyingi unakuja baada ya siku moja au mbili, kwahiyo mtu anavaa Jumamosi, anawashwa Jumatatu, halafu analaumu losheni.

Niwape mfano wa dada mmoja mteja. Alikuja analalamika kwamba silva inamdhuru, mguu una upele wenye vimalengelenge vidogo vinavyowasha balaa. Nikamwambia avae tuone cheni inakaaje. Upele ulikuwa sehemu moja tu, pale nyuma kifungio kinapolala, kwingine kote mguu ni safi kabisa. Yaani cheni ilikuwa silva 925 kweli ila kifungio kilikuwa cha chuma cha kupaka rangi, na ile rangi ilishachubuka. Tukabadilisha kifungio, nikamwambia asivae kitu hapo mpaka ngozi ipone kabisa, na aliporudia kuvaa hakuwashwa tena. Kwahiyo ukinunua, muhuri wa 925 utafute kwenye kifungio pia, sio kwenye cheni peke yake.

Silva 925 maana yake ni asilimia 92.5 fedha, iliyobaki kawaida ni shaba. Itaingia weusi ukitoka jasho sana, hiyo sio aleji, unaifuta tu na kitambaa laini. Shaba na brasi zinaacha rangi ya kijani mguuni, inatisha ila ikioshwa inatoka. Za kupaka dhahabu mimi kwa joto sizipendi kabisa, tabaka lenyewe ni jembamba na mguu unasuguana na kiatu na suruali kutwa nzima, likishaisha unabaki unavaa kile kilichofichwa chini. Stenlesi ya 316L ina nikeli ndani ila imefungika, haiachii nyingi, wengi wanaivaa bila shida, lakini kama tayari unajijua una aleji kali nenda titani. Za uzi nazo ni nzuri ila pamba inakaa na unyevu muda mrefu, nailoni inakauka haraka.

Urefu sasa. Pima kuzunguka kifundo cha mguu, na pima jioni, sio asubuhi, mguu unavimba kwenye joto hasa ukisimama sana. Tuseme asubuhi umepata sm 22 na jioni sm 22.8, fuata ya jioni halafu ongeza sm 1 hadi 2, inakuja kama sm 24 au 24.5, na ukipata yenye kipande cha kurefusha ndo bora zaidi. Ikiwa fupi inabana na jasho linabaki chini yake, ikiwa ndefu sana inashuka kwenye kisigino inanasa kwenye kamba za kiatu na inakatika. Kipimo changu ni kidole kimoja cha mkono kipite chini ya cheni bila kulazimisha, hiyo ukiwa umesimama.

Pete ya kidole ni kesi nyingine kidogo kwa sababu inakaa pale pale tu, haisogei kama kikuku. Chagua nyembamba, mm 2 hadi 3, iliyo wazi upande wa chini ili uweze kuilegeza, na ncha zake zipitishe kidole uone hazikwaruzi. Ile pana inafunika ngozi na kufungia maji ya kuogea na sabuni humo humo. Ukiona wekundu umefuata umbo la pete tu na ngozi imelainika, huo ni unyevu mara nyingi, vua, kausha vizuri hadi katikati ya vidole, kaa bila pete siku chache. Ukiona unawasha sana na unatambaa nje ya pale pete ilipo, na kila ukirudisha unarudi, hapo shuku madini yenyewe, na kama upele hauishi au kuna usaha muone daktari wa ngozi. Kupaka rangi ya kucha ya maji ndani ya pete kunasaidia kwa muda ila kwa joto inabanduka upesi, usiitegemee.

Ikikwama kidole kikavimba usivute kwa nguvu. Inua mguu juu, weka maji baridi, paka sabuni au mafuta halafu zungusha taratibu ukitoa. Kidole kikigeuka bluu au kufa ganzi nenda hospitali ikakatwe hiyo pete, usisubiri kesho.