Gunia limeandikwa kilo 50, mizani inasema 48: maswali yenu kuhusu daftari la misaada ya vitu

Tulipokea magunia 20 ya maharagi toka kwa mfanyabiashara mmoja. Niliandika kilo 1,000. Tumemaliza kugawa na hesabu haikubali, sasa wenzangu wananiangalia vibaya. Nilikosea wapi? (Mama wa depo, Kadutu)

Pole, mama. Ulikosea siku ya kupokea, si siku ya kugawa. Uliandika maneno ya gunia badala ya maneno ya mizani. Maharagi hukauka njiani, gunia hutoboka, na kuna wauzaji wanaojaza kwa macho tu. Siku ile ungepima yote 20 mbele ya aliyeleta, ukaandika uzito halisi, naye akatia sahihi pale pale. Barua ya shukrani nayo itaje uzito huo. Usiogope kumuudhi mtoaji: mara nyingi yeye mwenyewe ndiye aliyepunjwa na hajui.

Tuchukue mfano. Magunia 20 yanapimwa na kutoa kilo 972. Mzigo wote unapewa namba moja, tuseme 014, inayoandikwa kwa makapeni juu ya kila gunia. Namba hiyo hiyo inakaa kwenye risiti ya mtoaji, kwenye fishi ya stoku na juu ya kila orodha ya ugawaji. Bila namba hiyo, maharagi ya huyu yatachanganyika na ya parokia, na hutaweza tena kumwambia mtu yeyote chake kilikwenda wapi.

Kisha bei. Tuma watu wawili wasio watunza depo waulize wauzaji watatu wa jumla pale soko la Kadutu, maharagi ya aina ile ile, wiki ile ile. Tuseme wamepata dola 1, dola 1.05 na dola 1.10 kwa kilo. Shika ya katikati. Kilo 972 kwa 1.05 ni dola 1,020.60. Karatasi yenye bei tatu na majina ya waliouliza ibanwe nyuma ya risiti. Ukiandika kwa franga, weka na kiwango cha kubadilisha cha siku hiyo kwenye mstari ule ule, maana mwisho wa mwaka hakuna atakayekikumbuka.

Sasa kutoka. Familia 188 zinapata kilo 5 kila moja: kilo 940. Kilo 11 zimeliwa na wadudu, zinatupwa kwa hati yenye sahihi tatu. Zilizobaki depo unazipima: 17. Jumlisha 940, 11 na 17, unapata 968. Kilo 4 hazipo. Hizo ni za bakuli: anayepima kilo 5 mara 188 hufurisha kidogo kila mara, na gramu 22 tu kwa kila familia zinatosha kuzimaliza. Andika «tofauti ya kupimia, kilo 4, dola 4.20» na uendelee. Mimi ninayeshika daftari miaka mingi, daftari linalofunga kwa sifuri kila mara ndilo linalonitia wasiwasi.

Kwako wewe, tofauti inaweza kuwa kubwa zaidi kwa sababu ulianzia 1,000. Kama hakuna gunia hata moja lililobaki la kupima, andika hivyo kwenye hati, taja familia ngapi zilipata kilo ngapi, na mkuu wako atie sahihi. Usitunge uzito wa kurudi nyuma.

Rafiki zetu wa Ubelgiji walituma balo mbili za nguo na barua inayosema ni za dola 3,000. Tuandike hiyo? (Katibu wa shirika, Ibanda)

Hapana. Pengine wao walihesabu bei ya dukani kwao, nguo zikiwa mpya. Thamani unayoandika ni ile ambayo wewe ungelipa hapa Bukavu, siku ile, kununua nguo za hali ile ile. Nenda kwa wauzaji wa chagua, uliza balo ya uzito huo na daraja hilo inauzwa ngapi. Kama ni dola 180, basi mbili ni 360. Barua ya 3,000 uihifadhi kwenye faili, bila kuiingiza kwenye hesabu.

Hili si la adabu tu. Mfumo wa hesabu wa OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika ya sheria za biashara, kwa mashirika yasiyotafuta faida, SYCEBNL, umeanza kutumika tarehe 1 Januari 2024, na misaada ya vitu ina nafasi yake humo. Ukivimbisha 360 kuwa 3,000, ripoti yako itaonyesha shirika tajiri lililogawa mali nyingi, na mfadhili mwingine atauliza kwa nini unaomba. Usafiri na forodha mlizolipa nyinyi ni gharama yenu, zina mstari wake, hazipandishi thamani ya zawadi.

Fungua balo kabla ya kuandika. Nimewahi kukuta makoti ya theluji matupu. Yaliandikwa, yakapewa thamani ndogo, na yakaenda kushonwa mifuko.

Kuna mtu alituletea dawa katoni tatu. Zinaandikwaje? (Muuguzi, Bagira)

Dawa zina safu mbili za ziada: namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa za msaada ziwe zimebakiwa na angalau mwaka 1 zinapofika, na thamani ihesabiwe kwa bei ya jumla ya dawa ya kawaida isiyo na jina la kibiashara, si bei ya famasi. Zilizopitwa na muda ziandike kwa idadi, thamani sifuri, na mwonyeshe mleta kabla hajaondoka. Namna ya kuziteketeza muulize mfamasia wa eneo la afya. Usizitupe ziwani: Ziwa Kivu halina homa.

Tulipewa vyerehani sita. Viwili tuliwapa wasichana waliomaliza mafunzo, vinne wanafunzi wanatumia. Kwa daftari vyote «vimetoka»? (Mwalimu wa ushonaji, Panzi)

Viwili tu. Hivyo vina hati ya kukabidhi, yenye jina la msichana, namba iliyochongwa kwenye chuma cha cherehani, tarehe na sahihi yake. Vinne bado ni mali ya shirika. Vinatoka kwenye fishi ya stoku na kuingia kwenye daftari la mali, pamoja na chumba vilipo na jina la anayevisimamia. Usiandike «atelieri» peke yake. Atelieri haiwezi kuulizwa kitu.

Na kimoja kikiazimwa nyumbani, hata kwa juma moja, kiandikwe. Vyerehani vingi hupotea kwa njia ya kuazimwa kuliko kwa wizi.

Mama mmoja analeta unga kila mwezi, hataki jina lake liandikwe. (Shemasi, Nyawera)

Mpe alama, kama M-07. Daftari la depo lione alama tu. Jina lenyewe likae kwenye bahasha iliyofungwa, kwa mweka hazina, ili mkaguzi akilihitaji lipatikane. Risiti mwandikie ya M-07 na umpe mkononi. Unga wake upimwe kama wa wengine.