Mbona mililita 5 ni elfu kumi?

Juzi usiku nilipata ujumbe wa mteja kutoka Mbagala. "Dada, manukato ya Khamrah ya mililita 100 Kariakoo nayapata kwa 120,000. Wewe mililita 5 unaniuzia 10,000. Nimepiga hesabu, mililita 100 kwako ni laki mbili. Huoni unatuumiza?"

Ujumbe ule nililala nao. Zamani ningemshushia mpaka 7,000 ili yaishe. Safari hii nilimrekodia sauti ya dakika nane nikamfungulia hesabu yote, na leo naiweka hapa maana najua wengi mnaonisoma mnauza dekanti, yaani manukato ya chupa kubwa yaliyogawanywa kwenye vichupa vidogo, au mnajipanga kuanza, na swali hili litawafikia tu.

Chupa ya mililita 100 haitoi vichupa 20 vya mililita 5. Mimi inanitolea 18. Mililita 3 naziacha ziwe testa, kwa sababu mteja akija nyumbani lazima anuse. Mililita nyingine 3 hivi zinapotea: zinang'ang'ania kwenye kona za chupa, zinabaki kwenye bomba la sindano, zinaruka hewani. Vichupa 18 vinachukua mililita 90, na kile kidogo cha mwisho nakigawa kwenye vichupa viwili vya mililita 2.

Sasa gawanya 120,000 kwa 18. Tayari kila kichupa kimesimama karibu 6,700 kabla sijanunua hata kifuniko. Kichupa cha kioo chenye pampu nanunua 900. Stika, utepe wa kuzibia na kimfuko vinakula 400. Tumefika 8,000. Halafu katika kila vichupa 18 huwa kimoja kinanirudia kwa sababu kimevuja njiani, nami natoa kingine bure. Kwa hiyo nauza 17, napata 170,000, natoa 120,000 ya chupa na 23,400 ya vichupa na vifungashio, nabaki na 26,600, bila kuhesabu vile viwili vya mililita 2. Chupa moja huchukua kama wiki tano kuisha. Hiyo ndiyo faida ninayoambiwa naumiza watu.

Na ile 7,000 niliyokuwa nauzia mwanzoni? Vichupa vyote 18 nikiviuza napata 126,000, wakati vimenigharimu 143,400. Kila chupa nilikuwa nakula hasara ya 17,400, tena miezi minne mfululizo, na sikujua kwa sababu pesa ilikuwa inaingia kila siku. Kuingia kwa pesa kulinidanganya. Nilishtuka siku nilipokwenda dukani kununua chupa mpya nikakuta sina hela ya kuinunua.

Siku hizi kwenye bei zangu naandika na bei ya kila mililita. Kichupa cha mililita 2 ni 5,000, yaani 2,500 kwa mililita. Cha 5 ni 2,000 kwa mililita. Cha 10 nauza 18,000, inakuwa 1,800, kwa kuwa natumia kichupa kimoja na kazi moja badala ya mbili. Chini yake naandika kwamba chupa nzima dukani ni 1,200 kwa mililita. Wenzangu wananiambia nafukuza wateja. Mimi nasema mteja anayeijua harufu na anaipenda aende akanunue chupa nzima, na nikiulizwa namwambia hivyo hivyo. Anayenunua kwangu ananunua nafasi ya kujaribu bila kufungia 120,000 kwenye kabati. Nilihesabu pampu zangu: mililita 5 inatoa mipulizo kama 70. Ukipuliza minne kwa siku, una siku 17 za kuivaa kazini, kwenye daladala na harusini, kabla hujaamua.

Lakini bei peke yake haitakuokoa kama maelezo ya harufu ni ya uongo. Hapa nina kidonda.

Mwaka wa kwanza nilikuwa nanakili yaliyoandikwa kwenye boksi, naongeza "tamu, ya kike, inakaa masaa 24". Muuguzi mmoja akanunua Khamrah kwa maneno yangu hayo. Alitaka kitu chepesi cha kuvaa wodini. Khamrah si nyepesi hata kidogo. Mchana wa jua kali akawa ananukia mdalasini na sukari iliyoungua, wenzake wakalalamika vichwa. Akaweka kwenye stetasi yake ya Watsapu kwamba ameuziwa sharubati. Katika watu waliokuwa wananunua kwangu kupitia kwake, sikumwona tena hata mmoja. Iliniuma sana, na inaniuma hata ninapoandika, kwa sababu manukato yenyewe hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa la maneno yangu.

Tangu hapo siandiki harufu nisiyoivaa mwenyewe siku nzima. Navaa kwenye ngozi, si kwenye karatasi, maana karatasi haina joto wala jasho. Naandika mara tatu: dakika ya kwanza, baada ya nusu saa, na jioni. Muuzaji akikunusisha dakika ya kwanza tu amekuonyesha mlango, nyumba hujaiona. Zile harufu za mwanzo, za ndimu na viungo, ndizo zinazoruka haraka. Kisha nampulizia na dada yangu, kwa sababu kitu kinachokaa kwangu mpaka magharibi kwake kinaweza kuisha saa nane mchana.

Khamrah sasa naieleza hivi: "Mwanzo ni mdalasini mkali. Nusu saa baadaye ni tende zilizopikwa na sukari, karibu na haluwa. Jioni inabaki vanila yenye moshi mwembamba. Nzito. Kwenye kiyoyozi au usiku ni nzuri sana. Juani mpulizo mmoja unatosha. Usiponogewa na vitu vitamu usinunue. Kwangu ilikaa masaa nane."

Sentensi ya "usinunue" ndiyo iliyonirudishia heshima yangu. Iandikeni, jamani. Kila harufu ina mtu isiyemfaa, na mtu huyo ukimwuzia atarudi na maneno.

Kuna malalamiko mengine lazima uyajue kabla hujaanza kurudisha pesa ovyo. Mteja anasema, "Umechanganya maji, nimevaa saa moja tu imeisha." Kabla sijajibu namwomba amuulize aliyekaa naye. Mara nyingi yule wa pembeni anaisikia vizuri. Pua huzoea harufu inayokaa karibu nayo, ikaacha kuipokea. Namshauri asipulize kifuani chini ya pua, apulize nyuma ya shingo.

Ila kwenye ujazo mteja ana haki ya kukukagua. Navuta kwa bomba la sindano la mililita 5, kila manukato na bomba lake, kwa sababu mpira wa ndani ukishashika harufu hautoki. Vichupa vingi vinavyoitwa vya mililita 5 vinafika 5 pale vinapojaa mpaka mdomoni, na ukijaza hivyo joto la Dar linatanua spiriti, inapanda kwenye pampu na kuvuja. Hicho ndicho kilichokuwa kinanirudishia vichupa vitatu vinne kwa kila chupa. Nikahamia kwenye vichupa vikubwa kidogo, naweka mililita 5 kamili na nafasi ya hewa inabaki juu. Wateja wengine wanaona hakijajaa wanahisi wameibiwa, kwa hiyo nachora mstari mwembamba wa kalamu kwenye 5 na kupiga video fupi ya sekunde kumi wakati namimina.

Yule dada wa Mbagala alijibu asubuhi yake. Aliniuliza kama kile cha mililita 2 bado kipo. Nimemtumia leo kwa bodaboda, na karatasi ya maelezo ndani, pamoja na ule mstari wa kumkataza.