Kijana aliyeuliza darsani, na Ghazali

Swali la wiki: "Je, mtu anayetilia shaka imani yake bado ni muumini?"

Mhariri, nani muumini na nani siye nawaachia masheikh. Langu mimi ni sisi tunaokaa jirani na mwenye shaka, na haraka tuliyo nayo ya kumziba mdomo.

Ramadhani moja hapa Tanga, kwenye darsa ya baada ya Alasiri, kijana wa kidato cha sita aliinuka akauliza: "Sheikh, nikisujudu naona kama nasema na mkeka. Nitajuaje kuwa kuna anayesikia?" Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia, lakini kelele za "Astaghfirullah" tulizisikia vizuri, na mmoja akamwambia atoe shahada upya. Sheikh, Mungu amrehemu, alikuwa anasomesha funga ya msafiri. Akakiweka kitabu kando. "Wazo hilo unalipenda au linakukera?" Kijana akasema linamnyima usingizi. Basi sheikh akasoma hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim: masahaba walimwendea Mtume (s.a.w.) wakamwambia kuwa nafsini mwao wanapitiwa na mambo wanayoona ni makubwa mno kuyatamka. Akawauliza kama kweli wameyahisi hayo. Wakasema ndiyo. Akawaambia, hiyo ndiyo imani iliyo wazi.

Nilidhani yamekwisha niwahi nyumbani, kwani nilikuwa nimeacha tambi hazijapikwa. Kumbe ndiyo kwanza anaanza, akaingia kwa Imamu Ghazali, yule mwanachuoni wa zamani ambaye naye alipitiwa na shaka.

Ghazali, alivyotusimulia, alianza kwa kuyapima macho yake mwenyewe. Unatazama kivuli, unakiona kimesimama. Baada ya saa moja unagundua kilikuwa kinasogea muda wote. Unatazama nyota, unaiona ndogo kama dinari, na hesabu zinasema ni kubwa kuliko dunia. Basi jicho si shahidi wa kuaminika, akaegemea akili. Lakini akajiuliza: jicho nililiamini mpaka akili ilipokuja kulikanusha, je, kama nyuma ya akili yuko hakimu mwingine ambaye sijamwona? Aliyelala naye huamini anachokiona ndotoni mpaka azinduke. Hapo Ghazali hakuwa na pa kushika, kwa sababu hoja hujengwa juu ya yale ambayo mtu ameshayakubali, na yeye hakuwa na alilolikubali. Alikaa hivyo karibu miezi miwili. Alipona, kwa maneno yake, si kwa kupanga hoja, bali kwa nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitupa kifuani mwake.

Adhana ya Magharibi ilitukuta hapo hapo, na nyumbani walifuturu tende na maji. Kijana aliendelea kuja darsani, na kwa nilivyomwona hakuna aliyemsumbua tena.

Basi nilikaa kuandika nikitaka kusema kwamba shaka ni mlango, na vyuo vyetu vya Kurani viufungue. Hata ushahidi nilikuwa nao. Mwishoni mwa kitabu chake Mizani al-Amal, Ghazali anasema asiyetia shaka hatazami, asiyetazama haoni, na asiyeona hubaki katika upofu na upotevu. Lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyopunguza sauti. Hali ile ya miezi miwili yeye mwenyewe aliiita maradhi. Na msukosuko wake mkubwa ulikuja baadaye, mwaka 1095, alipokuwa mwalimu mkuu wa chuo cha Nidhamiya cha Baghdad mwenye wanafunzi 300. Ulimi ulifunga akashindwa kusomesha, na chakula kikagoma kusagika tumboni. Matabibu wakasema ugonjwa umeanzia moyoni. Safari hii hakuyatilia shaka macho wala akili. Alijitilia shaka mwenyewe, kama anasomesha kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya cheo na sifa. Miezi sita anaamua asubuhi kuondoka, jioni anaghairi. Mwishowe akaaga kuwa anakwenda Makka, kumbe nia yake ni Sham, yaani Syria, akaenda kujifungia katika mnara wa msikiti wa Damasko. Shaka hiyo ya pili ndiyo iliyomtoa nyumbani ikamtia katika njia ya masufi, na hiyo sisi hatuiulizi kabisa. Hakuna anayemwambia imamu anayependa kusifiwa atoe shahada upya.

Kisha kuna hili la kunitia breki: karibu na kufa kwake mwaka 1111, Ghazali huyo huyo aliandika kitabu cha kuwazuia watu wa kawaida wasiingie katika mijadala ya ilmul-kalam, elimu ya kubishania itikadi kwa hoja. Aliyejua mlango ulipo hakutaka kila mtu asukumwe ndani.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, ikiwa shaka inamuuma mwenyewe. Anayeifanya pambo la barazani sina hakika naye, ingawa huenda naye anauma meno kimyakimya. Lakini vyuoni, kinyume na nilivyokusudia nilipoanza, nasema watoto wafundishwe kusali kwanza, na wasichokozwe kwa maswali ambayo hawajayafikia. Ila akiinuka mmoja akauliza mwenyewe, mwalimu akiweke kando kitabu cha funga ya msafiri, hata kama futari itachelewa.

Msomaji, Tanga