Ripoti ya damu imesema nina "taget seli"

"Nimepimwa damu, HB 11.4, chini wameandika taget seli. Ndio kansa? Usiku silali."

Dadangu hiyo si kansa, ni seli nyekundu yenye doa katikati kama shabaha ya mishale, utando wake umeizidi himoglobini iliyo ndani ndio ukajikunja. Huletwa na upungufu wa madini ya chuma, ugonjwa wa ini, ama himoglobini ya kurithi kama sikoseli na thalasemia. Na kwa unyevu huu wa hewa ya Mombasa, slaidi, kile kioo kinachopakwa damu, ikichelewa kukauka zatokea za uongo, basi uliza kama zimeonekana slaidi nzima ama pembeni tu.

Sasa tazama kwenye ripoti MCV, yaani ukubwa wa seli nyekundu, na RBC, yaani idadi yake. Mimi zangu zilikuwa 66 na 5.5, ukigawanya wapata 12, ikiwa chini ya 13 huelekea thalasemia ya kubeba tu, japo si uhakika. Nilikuwa nimemezeshwa vidonge vya chuma miezi mitatu bure, feritini, kile kipimo cha akiba ya chuma mwilini, hakuna aliyeipima! Anza na hiyo, kisha elektroforesisi ya himoglobini, kipimo cha kutambua aina za himoglobini, kwa mpango huo maana chuma kikipungua chaweza kuificha thalasemia.

Macho yakiwa manjano ama pumzi zakata, nenda hospitali leo leo.